Usaili Ambao Haukuwa Usaili

Ruel Sobrevega hawezi kukaa mbele ya meza iliyovurugika. Akija kwangu kunywa kahawa, kabla hajakalia kiti ameshazipanga chupa za siki na mchuzi wa samaki kwa urefu, na vijiko ameshavilaza upande mmoja. Nimemwambia mara ngapi sijui: "Ruel, huu ni mkahawa, si ghala." Anacheka, anaendelea kupanga. Mtu aliyehesabu kreti za soda nusu ya maisha yake haachi kwa kuambiwa.

Anaishi nyuma ya mkahawa wangu, hapa hapa Jaro, kwenye ile nyumba ya mabati ya kijani, na mkewe Nerissa na watoto wawili. Mkubwa ni Jomar, yuko sekondari na hasemi na mtu. Mdogo ni Tintin, ameng'oka meno mawili ya mbele na anasema na kila mtu.

Ruel aliingia kwa msambazaji wa soda akiwa kibarua wa kupakia malori. Akapanda akawa karani wa stoo. Kisha msimamizi wa ghala akahamia Manila, na Ruel akaambiwa: wewe kaimu kwanza, barua yako inakuja. Akakaimu miaka saba. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwake na lawama zote kichwani mwake, lakini mshahara ulikuwa ule ule wa karani. Kila Krismasi bosi alimshika bega akimwambia, "Ruel, wewe ndiye ghala lenyewe." Barua haikuja. Iliyokuja ni ya kufunga ghala, mwezi wa nne, na hiyo haikuchelewa hata siku moja.

Hapo ndipo jambo la Hong Kong lilipofufuka.

Nerissa aliwahi kufanya kazi za ndani kule kabla hajaolewa, na hakuacha jina baya. Yule bosi wake wa zamani ana dada, na dada huyo ana mama mzee anayehitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumtembeza. Waliposikia mume wa Nerissa hana kazi, ujumbe ulifika kupitia kwa wakala: mkataba upo, tunamtaka Nerissa mwenyewe, tutangoja kidogo. Nerissa hakutaka. Alikaa kwenye benchi langu, mikono bado imekunjamana kwa maji ya kufulia nguo za watu, akaniambia, "Dada Nening, mimi nilishalea wa watu. Sasa nalea wangu."

Akamwambia mumewe maneno rahisi kabisa, nikiwa nasikia, kwa sababu ukuta wao na jiko langu ni kitu kimoja. "Ruel, pata kazi yoyote inayolipa kila nusu mwezi. Yoyote. Ukipata, mimi siendi kokote."

"Nitapata," Ruel akasema. "Nipe muda tu."

Basi kila asubuhi akawa anakuja kwangu, amechana nywele, amevaa shati, anakaa meza ya pembeni ambako intaneti inashika vizuri. Anaagiza kahawa moja na mkate mmoja, na vitu hivyo viwili anavikalia mpaka mchana. Anatafuta matangazo kwenye simu, anatuma wasifu wake na picha, siku nyingine anachukua bahasha anakwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa watu. Aliomba usimamizi wa ghala popote alipouona. Usimamizi wa ghala la mchele, la dawa, la vipuri, la vyakula vya kuku. Akishachoka na huo ndipo anatupia maombi mengine, ya ununuzi, ya ukarani wa stoo, anasema hayo ni ya kujazia.

Nerissa alikuwa anauliza kila mwisho wa wiki. Naye Ruel alikuwa na jibu. "Usimamizi ndio unaoitika. Nimeshaitwa usaili." Wiki nyingine: "Nimeitwa tena." Kwa neno hilo Nerissa alimpigia wakala akaomba mama mzee angoje. Wiki mbili mbele akapiga tena, akaomba tena. Mara ya tatu wakala hakumjibu kwa kicheko. Alimwambia, Jumatano ijayo useme ndiyo au hapana, kuna wanawake wengine kwenye foleni.

Jumapili kabla ya Jumatano hiyo, baada ya misa, akaja Gemalyn, binamu yake Ruel. Gema anafanya kazi ofisi ya ajira kwenye moja ya yale majumba ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Kazi yake kutwa ni kusoma wasifu wa watu na kuwapigia au kutowapigia. Nerissa hata hakumngoja amalize supu yake ya tambi.

"Gema, msaidie kaka yako. Jumatano natakiwa nijibu, na mimi nataka kujua najibu nini."

"Kaka ameomba kazi ngapi?"

"Nyingi," akasema Ruel.

"Nyingi si jibu, kaka. Za aina gani, na zipi zimekuita?"

"Nimeshasema, usimamizi."

"Umesema. Sasa tuone." Gema akasogeza bakuli. "Dada Nening, una kitu chochote kidogo kidogo, cha kuhesabia?"

Nina bati la vizibo vya soda, huwa nawapa watoto wa wateja wachezee mama zao wakila. Nikalimwaga mezani. Ruel macho yakamng'aa, mikono ikaanza kupanga kabla hajaambiwa kitu. Gema akamweleza: fungua simu yako, soma kila ombi ulilotuma toka ulipoanza, kila ombi kizibo kimoja. Usimamizi weka huku, ununuzi kule, ukarani wa stoo pale. Kilicholeta usaili kigeuze, maandishi yawe juu. Ambacho hakikuleta kitu kiache kifudifudi.

Akasoma moja moja. Rundo la usimamizi likakua likawa kama kichuguu, thelathini na ushee. La ununuzi, vinane. La ukarani, vizibo tisa tu, kwenye pembe ya meza, kama watoto waliokuja harusini bila kadi.

Kwenye usimamizi Ruel akageuza vinne. Akaegemea kiti. "Si mnaona? Vinne."

"Vinne kwa thelathini na kitu, si mbaya hata kidogo," Gema akasema. "Sasa twende kimoja kimoja. Hiki cha kwanza, alikuhoji nani?"

"Watu wa pale."

"Wangapi?"

"Tulikuwa wengi."

"Sikuulizi waombaji. Waliokaa mbele yako, wakakuuliza maswali."

Ruel akachukua kizibo akakisawazisha na mwenzake. "Palikuwa na jukwaa."

Mimi nilikuwa nakausha sahani. Niliacha kukausha.

"Jukwaa?" Gema akasema. "Usaili wa kwenye jukwaa? Kaka, ulikwenda kuimba?"

"Walikuwa wanaeleza kampuni. Kisha wakatugawa kwenye meza. Wakatupa juisi na keki."

"Wakakuuliza nini kuhusu ghala?"

Ruel akakisogeza kizibo kingine.

"Kaka. Waliuliza nini?"

"Waliuliza nina ndugu wangapi," Ruel akasema. "Na wangapi wanafanya kazi nje ya nchi. Wakasema niandike majina kumi na namba za simu."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, na hata Gema alicheka. "Bima!" nikasema. "Ruel, umekwenda kuuza bima za maisha!"

"Sikuuza. Nilisikiliza tu."

Nerissa hakucheka. "Ulivaa lile shati jeupe," akasema. "Nililipiga pasi asubuhi. Ulirudi ukasema watapiga simu."

"Walisema hivyo."

Gema akakigeuza kizibo kile kikalala kifudifudi. "Cha pili?"

Cha pili kilikuwa watu wale wale, ukumbi mwingine. Cha tatu, mashine za kusafisha maji ya kunywa, na cheo walichokitangaza ni msimamizi wa kanda, na kanda yenyewe unaitengeneza wewe kwa kuwauzia majirani. Cha nne ni ofisi moja ya kuajirisha iliyopokea karatasi zake dirishani, ikampa namba, ikamwambia nenda tutakuita. Hakukaa hata kwenye kiti. Gema akavigeuza vyote. Rundo kubwa likawa migongo mitupu, hakuna hata kizibo kimoja kilichotazama juu.

"Sasa mbona ulihesabu hivi kuwa usaili?" Nerissa akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, nami namjua, hiyo ndiyo mbaya.

"Pare Onyok ndiye aliyenialika," Ruel akasema. "Ule wa pili, na ule wa maji. Alisema, pare, kuna nafasi ya umeneja, nimeshakutajia jina. Sasa ningesemaje?"

Huyu Onyok ni baba wa ubatizo wa Tintin. Watu wakishashikiana mtoto kanisani hivyo, wanaitana pare mpaka kaburini, na kumwambia pare wako hapana ni kama kumkanyaga mbele ya altare. Ruel anaweza kumkatalia padri, Onyok hawezi. Na akirudi nyumbani, aseme nini? Kwamba pare wake kamburuta akawe mtego wa kunasia binamu zake? Hilo ni kumvua Onyok nguo na kujivua na yeye. Kwa hiyo alirudi akasema, usaili. Mtu alisema usaili, naye alivaa shati, akaenda, basi ni usaili. Nadhani mwenyewe alishaanza kuamini.

"Haya," Gema akasema, na nilimwona anajitahidi asimtazame Nerissa. "Ununuzi?"

Vizibo vinane, vyote kifudifudi, na vyote vya zaidi ya mwezi. Gema akavisukuma kando. "Hivi vimekufa. Ukarani?"

Ruel akageuza vitatu, haraka haraka, kama mtu anayeonyesha kitu kisicho na maana.

"Hawa nao ni wa jukwaani?"

"Hapana. Hawa ni vyumba vidogo. Mtu mmoja au wawili."

"Waliuliza nini?"

Hapo nikamwona Ruel mwingine. Akainua mikono, akaanza kueleza. Walimuuliza akikuta hesabu ya rafu haiendani na ya kompyuta anaanzia wapi. Walimuuliza anafanyaje mzigo ulioingia mwanzo utoke mwanzo, dereva akiwa anataka kubeba ulio karibu na mlango. Walimuuliza vilivyoharibika anavitenga vipi visirudi kwenye mauzo. Alijibu yote bila kufikiri, anasema, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa anafanya kila siku.

"Na huu ndio unaouita wa kujazia," Gema akasema.

"Ni ukarani, Gema. Nilishakuwa karani nikiwa na nywele zote."

"Vitatu kwa tisa. Na hivi viwili?" Akagusa viwili vilivyolala.

"Hivyo nimevituma juzi na jana."

"Basi hivyo usivihesabu bado, si kwamba wamekukataa, hawajapata hata nafasi ya kukusoma. Vipe wiki mbili. Kwa hiyo ni vitatu kwa saba." Akainua kidole. "Sikudanganyi, saba ni vichache. Siwezi kukuapia kwa vizibo saba. Lakini huku thelathini hakuna kitu, na huku karibu nusu wamekuita. Ingekuwa mimi, ningejua kesho naomba wapi."

"Kwa nini usimamizi wasiniite?" Ruel akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtoto. "Miaka saba, Gema. Nani mwingine alisimamia lile ghala? Paka?"

"Una cheti cha kazi walichokupa mlipofunga?"

Alikuwa na picha yake kwenye simu. Gema akaisoma, kisha akasoma wasifu, kisha akaviweka vyote mbele yake. Wasifu ulisema msimamizi wa ghala, miaka saba. Cheti kilisema karani wa stoo, toka mwanzo hadi mwisho. Neno kukaimu halikuwamo popote.

"Mimi nikiona viwili haviendani," Gema akasema, "sipigi simu kuuliza. Nina wasifu mia mbili mezani. Nachukua wa chini yake. Hata sifikirii kwamba huyu mtu ameonewa, kaka, nafikiri huyu mtu amejiongezea. Ombi la ukarani ndilo pekee ambalo cheti chako kinasema cheo kile kile unachoomba."

Meza yote ilikuwa imepangwa vizuri, mistari imenyooka, na hakuna kilichobaki cha kusawazisha.

Nerissa ndiye aliyeuliza lililobaki. "Hao watatu waliokuita, ikawaje? Uliniambia hawakukutaka."

"Mmoja walichukua mpwa wao. Mmoja walitaka mtu wa zamu ya usiku."

"Na wa tatu?"

Ruel alikuwa anatazama upande iliko bandari, ingawa kutoka kwangu huioni, unaona ukuta tu na tangazo la shampuu. "Wale wa ghala la baridi. La samaki. Waliniita mara ya pili."

"Walikuita mara ya pili?" Gema akasema. "Wakuonyeshe ghala?"

"Nionane na mwenye kampuni."

"Ikawaje?"

"Sikwenda."

Ruel akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. "Ilikuwa Alhamisi mchana. Ndiyo Alhamisi ile ya maji. Pare alishanikatia tiketi ya ukumbini. Na ule ulikuwa umeneja, huu ukarani. Nikasema, nikikosa kule, hawa nitawapigia."

"Ulikosa kule," Nerissa akasema.

"Niliona aibu kupiga."

Nerissa akainuka. Akakusanya bakuli la Gema, ambalo halikuwa limekwisha, akaniletea jikoni, akafungua bomba akaliosha. Bakuli langu, mkahawani kwangu. Akaliosha mara mbili. "Alhamisi ile," akaniambia, mgongo umegeukia watu, "ndiyo niliyompigia wakala kumwomba wangoje. Kwa sababu aliniambia siku hiyo ana usaili wa umeneja."

Jumatatu asubuhi Ruel alipiga simu ghala la samaki. Nilimpunguzia redio. Alisimama kupiga, mtu aliyezoea kuongea na mabosi hapigi simu amekaa. Akasema ndiyo mama, naelewa mama, asante mama, samahani sana mama. Akakaa.

"Walishapata mtu?" nikamuuliza.

"Zamani. Aliyepokea ni yule mama aliyenihoji. Amelikumbuka jina langu, dada." Akazungusha kikombe mpaka kishikio chake kikakaa sawasawa na ukingo wa meza. "Anasema walinisubiri mpaka jioni. Mwenye kampuni aliahirisha safari kwa ajili yangu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Nilimpa mkate mwingine, sikumwandikia deni.

Jumanne jioni niliwasikia ukutani. Ukuta ni mmoja, mniwie radhi.

"Nipe wiki mbili tu, Neri. Sasa najua pa kuomba."

"Wiki nilikupa. Kila wiki uliyoomba nilikupa, kwa usaili uliosema umeitwa."

"Sikukudanganya kwa ubaya."

"Najua. Ungeniambia tu ni bima. Ningecheka mpaka nilie, halafu ningekuambia acha umeneja wa Onyok, nenda kwa samaki. Ungekuwa unanuka samaki saa hizi, Ruel, na mimi ningekuwa nagomba na shati lako kwenye beseni. Si kazi uliyoninyima. Umeninyima nafasi ya kukuambia nenda."

Jumatano Nerissa akasema ndiyo. Alivaa viatu vya kanisani kwenda kutia sahihi.

Ruel hakukaa bure baada ya hapo, nisimseme vibaya. Alibadilisha wasifu wake kama Gema alivyomwelekeza: karani wa stoo juu, kama cheti kinavyosema, na chini yake kwa herufi ndogo, alikaimu usimamizi kwa miaka saba, na jina la bosi wa zamani anayeweza kuulizwa. Usimamizi hakuomba tena. Alituma ukarani tu, maghala ya saruji, ya dawa, ya vifaa vya shule. Yale mawili ya mwanzo, yaliyokuwa mapya siku ile ya vizibo, moja lilimwita. Mengine yakafuata. Ndani ya mwezi alikuwa amekaa kwenye vyumba vidogo vinne mbele ya watu halisi wenye maswali halisi, na kila akirudi alinieleza swali kwa swali, hata nikajua kutofautisha misumari ya bati na ya mbao. Onyok alipita siku moja na karatasi za rangi, akamwambia, "Pare, kuna semina." Ruel akampisha kiti, akamwagizia kahawa, akamwambia Alhamisi ana usaili. Hiyo ndiyo "hapana" kubwa kuliko zote alizowahi kumwambia.

Wauza vifaa vya ujenzi wakamchukua. Karani wa stoo, wa majaribio miezi sita, malipo kila nusu mwezi. Alikuja anakimbia, barua mkononi, siku ileile simu ya wakala ilipomwita Nerissa kumwambia visa imetoka.

Walikutana mkahawani kwangu, kila mmoja na habari yake. Ruel akatangulia. Akaiweka barua mezani, akainyoosha.

"Nimepata, Neri. Tazama. Si ulisema yoyote?"

Nerissa akaisoma yote, mpaka sahihi. Akamshika mkono. "Hongera, mume wangu. Kweli hongera."

"Basi mpigie. Mwambie huendi."

"Ruel."

"Si nimepata?"

"Umepata mwezi wa nane. Mimi nilikuomba mwezi wa sita." Hakusema kwa hasira. "Yule mama mzee wameshamwondoa mtu waliyekuwa naye. Wananingoja mimi tu. Na Jomar ana deni la shule, na mshahara huu mwezi wa kwanza ni wa nauli na mchele. Ningekuwa sijasema ndiyo, nisingesema. Lakini nimesema."

Ruel akaikunja barua. Aliikunja vizuri sana, pembe kwa pembe.

Nerissa alisafiri Jumanne, na Ruel alikuwa wiki yake ya pili kazini, na mtu wa majaribio haombi ruhusa. Alimuaga nyumbani alfajiri, wakasimama mlangoni, akamrekebishia mkanda wa sanduku ambao haukuwa umelegea. Kisha akaingia kazini kuhesabu mabomba. Sisi ndio tuliompeleka uwanja wa ndege, mimi na Gema na watoto. Tintin alilia mpaka akatapika kwenye kiti cha gari la watu. Jomar alibeba sanduku la mama yake begani mpaka pale mlinzi anapomzuia asiye na tiketi, na akakaa pale amesimama hata baada ya kutomwona tena.

Sasa ni karibu mwaka. Kila asubuhi Ruel ananiletea Tintin nimsuke nywele, kwa sababu akimsuka yeye mstari unanyooka kuliko wowote Jaro nzima, lakini anavuta mno mtoto analia. Anakaa na kahawa yake akingoja, amevaa shati la kazi lenye vumbi la saruji. Juzi nikamuuliza kama mkataba wa Nerissa ukiisha atarudi.

"Bosi wake anataka aongeze mkataba," akasema. "Mama mzee amemzoea. Amekataa kulishwa na mtu mwingine."

"Wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia afanye anavyoona." Akainuka, akamfunga Tintin kamba ya kiatu. "Nilishamwambia sana cha kufanya kwa habari zisizo za kweli, dada. Safari hii namwacha aamue kwa zake."

Wakatoka, mtoto mbele anaimba, baba nyuma na mkoba wa shule wenye picha ya sungura begani. Nikaondoa kikombe chake.